Damu Ingojee Mtoto: Jinsi ya Kutunga Hashtagi na Kaulimbiu ya Uchangiaji Damu Shuleni Kiringye

Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi, mwalimu au reko uliyepewa kazi ya kutafuta maneno ya kuwaita watu wachangie damu. Umeandikwa kwa ajili ya Kiringye, katika bonde la Ruzizi kaskazini mwa Uvira. Huko simu ni chache kuliko watu, mtandao huja na kupotea, na neno "damu" lina historia nzito kuliko penginepo.

Kwa nini maneno yenyewe yafikiriwe kwanza

Katika bonde hili, damu huhitajiwa zaidi na watu wa aina tatu: mtoto mdogo ambaye malaria imemmaliza damu, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita "SS". Wote wanafanana katika jambo moja: hawana muda. Mama anayevuja damu nyingi anaweza kufa katika saa chache. Mtoto anayefika akihema kwa shida, viganja vimekuwa vyeupe, hawezi kungoja mjomba atafutwe shambani, aletwe, apimwe, ndipo atolewe damu.

Hata hivyo, hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda mara nyingi. Familia huambiwa ilete mtu wa kutoa damu baada ya mgonjwa kulazwa. Shabaha ya kampeni yenu ni kuugeuza mpangilio huo, ili poshi ya damu iliyokwisha kupimwa iwe ndani ya friji kabla mgonjwa hajafika. Kaulimbiu isiyolisema jambo hilo, hata ikiwa tamu masikioni, haijafanya kazi yake.

Hapo ndipo ulipotoka mfano tutakaoutumia hadi mwisho:

> Damu ingojee mtoto, mtoto asingojee damu.
> #DamuTayariKiringye

Mnaweza kuuchukua ulivyo au kutunga wenu. Ukitunga wako, pitia hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Nenda hospitali kabla ya kushika kalamu

Usitunge lolote kabla hujazungumza na muuguzi mkuu wa kituo chenu cha afya na maabara ya hospitali kuu ya rufaa ya zoni yenu. Waulize maswali manne, uandike majibu:

1. Nani atakuja kutoa damu, na ataleta poshi ngapi?
2. Je, kuna friji ya damu inayofanya kazi usiku na mchana? Damu nzima hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 6 za joto, na katika poshi za kawaida hukaa siku 35 tu.
3. Ni masharti gani yanatumika kwa mchangiaji: umri, uzito, kiwango cha damu?
4. Mgonjwa atalipa nini akipewa damu hiyo?

Swali la nne ndilo watu huogopa kuliuliza, na ndilo litakaloiangusha kampeni likiachwa. Mzazi akisikia mtoto wake alitoa damu bure, kisha jirani akatozwa pesa hospitalini, atasema shule inauza damu ya watoto. Huenda malipo hayo ni ya vipimo na poshi, si ya damu yenyewe, lakini hilo lielezwe mapema. Usiandike kamwe "damu bure kwa wote" kama hospitali haijakuahidi hivyo.

Jibu la swali la kwanza ndilo litakalopima ukubwa wa mwito. Tuseme timu italeta poshi 30. Baadhi ya watakaokuja watarudishwa kwa sababu ya uzito mdogo, damu kidogo au malaria ya karibuni. Basi waandikishe watu 45 hivi, si 300. Ukiita umati halafu poshi zikaisha, waliorudi nyumbani mikono mitupu hawatakuja tena.

Hatua ya 2: Amua unamwambia nani nini

Katika sekondari zetu hapa kuna kikwazo: wanafunzi wengi hawajafika umri. Umri unaokubalika ni kuanzia miaka 18, na uzito kuanzia kilo 50. Wanaotimiza masharti hayo ni wa madarasa ya juu, hasa mafinalisti, pamoja na walimu na kaka na dada waliomaliza shule. Ukiandika "Mwanafunzi, toa damu!" utawaita watoto wa miaka 14, na wengine watadanganya umri ili wasionekane waoga.

Gawa kazi mara mbili. Aliyetimiza miaka 18 anachangia. Asiyetimiza ni mjumbe: anamleta mtu mzima mmoja kutoka nyumbani na kumsindikiza kurudi. Kaulimbiu ya mfano inawabeba wote wawili, kwa sababu haisemi "mimi natoa", inasema hali tunayoitaka. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuitamka bila kudanganya.

Hatua ya 3: Tunga kaulimbiu

Anza na sentensi moja ya kawaida inayoeleza tatizo kama unavyomweleza nyanya yako: "Mtoto anafika hospitalini, damu haipo, anangoja." Kisha igeuze iwe kile mnachotaka kitokee. Fupisha mpaka mtu aweze kuikumbuka baada ya kuisikia mara moja redioni. Maneno sita hadi manane yanatosha.

Hapa kuna mitego mitano. Ninaikawilia kwa sababu kila mmoja unaonekana wa kupendeza hadi utumike.

*"Damu ya Kiringye", "Damu ya Uvira".* Penginepo maneno haya hayana ubaya. Katika bonde la Ruzizi, ambako watu wamezika ndugu waliouawa, kama wale wa Mutarule mwezi Juni 2014, anayeyasoma kwenye simu atafikiri ni habari ya mauaji. Weka neno la matumaini karibu sana na "damu": tayari, mtoto, mama. Neno "damu" lisikae peke yake na jina la mahali.

*"Damu yetu", "Damu moja".* Wengi watasikia undugu, ila wengine watauliza: yetu nani? Katika bonde na milima yake wanaishi Wafuliiru, Warundi, Wanyamulenge, Wavira na wengine, na damu imetumiwa mara nyingi kuhesabu nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji. Hospitalini kinachotazamwa ni kundi la damu, A, B, AB au O, na makundi hayo yamo katika kila kabila. Kaulimbiu isitaje ukoo wala asili.

*"Mzalendo hutoa damu".* Ingebandikwa Dodoma, hakuna ambaye angeshtuka. Hapa Wazalendo ni jina la makundi yenye silaha, na sentensi hiyo itasomeka kama mwito wa kwenda vitani. Epuka vilevile "ukombozi", "mapambano" na "jeshi la wachangiaji". Shule haipaswi kushukiwa na upande wowote.

*"Poshi moja huokoa watu watatu".* Maneno haya yamenakiliwa kutoka nchi ambako damu hutenganishwa kuwa chembe nyekundu, chembe sahani na maji yake, kila sehemu ikaenda kwa mgonjwa wake. Hospitali zetu nyingi za vijijini hutia damu nzima. Poshi ya kawaida ina mililita 450 hivi. Mtoto wa kilo 10 aliyepungukiwa sana na damu hupewa takriban mililita 200, yaani mililita 20 kwa kila kilo, na mtu mzima anaweza kuhitaji poshi mbili au zaidi. Ukweli unaoweza kuutetea mbele ya muuguzi yeyote ni huu: poshi moja yaweza kutosha mtoto mmoja. Mimi naona hilo linagusa moyo kuliko hesabu ya watatu.

*"Njoo ujue hali yako bure".* Huu ndio mtego wa hatari kuliko yote. Kila poshi hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Ukitumia vipimo hivyo kama chambo, utamvuta hasa yule mwenye wasiwasi kwamba ameambukizwa juzi. Katika siku za mwanzo za maambukizi kipimo kinaweza kusema hana, na damu yake ikamfikia mtoto. Anayetaka kujua hali yake aelekezwe kwenye huduma ya upimaji, siku nyingine. Kwa sababu hiyohiyo usitoe pesa, simu wala alama za mtihani. Soda na biskuti baada ya kutoa damu ni chakula cha kurudisha nguvu, havihesabiki kuwa malipo.

> KISANDUKU: Usimwaibishe aliyerudishwa
> Msichana aliyeambiwa damu yake ni kidogo akitoka chumbani bila plasta mkononi, wenzake watanong'ona kwamba ana ukimwi. Kaulimbiu kama "Shujaa hutoa, mwoga hukimbia" huzidisha mnong'ono huo. Kila aliyefika, awe ametoa au hakutoa, apewe kadi ileile au utepe uleule wenye hashtagi. Hakuna anayeulizwa kwa nini. Matokeo ya vipimo ni siri ya mchangiaji na muuguzi.

Hatua ya 4: Tengeneza hashtagi

Hashtagi ni lebo. Kazi yake ni kuukusanya ujumbe wote mahali pamoja mtu anapotafuta Facebook, TikTok au X. Ili ifanye kazi hiyo, ifuate kanuni hizi:

1. Maneno yaunganishwe bila nafasi. `#Damu Tayari` itasomwa kama `#Damu` pekee.
2. Usitumie kistari, nukta wala alama ya ng'. `#Ng'ambo` hukatika kwenye alama hiyo. Herufi, tarakimu na mstari wa chini (`_`) ndivyo vinavyokubalika, lakini tarakimu peke yake haitoshi.
3. Anza kila neno kwa herufi kubwa. Mtandao hautofautishi kubwa na ndogo, ila jicho hutofautisha: `#damutayarikiringye` inachosha kusoma.
4. Tia jina la mahali. `#OkoaMaisha` hutumiwa na kila mtu kwa kila jambo, na ujumbe wenu utazama humo.
5. Chagua maneno ambayo watu huyaandika kwa namna moja tu.

Kanuni ya tano inahitaji maelezo, maana ndiyo iliyoamua mfano wetu. Hashtagi ya kwanza kufikiriwa ilikuwa `#DamuIngojeeMtoto`, iliyotokana moja kwa moja na kaulimbiu. Lakini mmoja ataandika "ingoje", mwingine "ingojee", wa tatu "ingojeye" kama anavyotamka, na tayari mna hashtagi tatu zisizokutana. Ya pili, `#PoshiMojaKiringye`, ni nzuri kwa sikio, ila mwanafunzi aliyesoma Kifaransa ataandika "Poche". `#DamuTayariKiringye` ina maneno matatu tu, na si rahisi kuyakosea. Jina Kiringye liandikwe kama lilivyo kwenye muhuri wa shule, maana wapo wanaoiacha y.

Kabla ya kuikubali, itafute kwenye mitandao yote mitatu. Kama kuna mtu anayeitumia kwa siasa au biashara, badilisha.

Hatua ya 5: Ijaribu kwa masikio

Tafuta watu kumi wasiohusika: mama muuza samaki, mpanda pikipiki, mwanafunzi wa darasa la saba, mchungaji, mzee. Kwa kila mmoja fanya hivi:

1. Tamka kaulimbiu mara moja. Muulize, "Wanataka nini hawa?" Usimsaidie.
2. Muulize, "Kuna neno lililokushtua?"
3. Anayejua kuandika mtamkie hashtagi aiandike.
4. Mrudie kesho yake umwombe aikumbuke.

Watu watatu kati ya kumi wakielewa vibaya au wakiandika tofauti, rudi Hatua ya 3. Jaribio lifanyike kwa Kiswahili cha hapa na kwa Kifuliiru. Kaulimbiu isiyotafsirika kwa urahisi itamwacha nje mzazi ambaye ruhusa yake mnaihitaji.

Hatua ya 6: Ipeleke mahali watu walipo

Kiringye hashtagi itaishi zaidi ubaoni kuliko kwenye simu. Iandike kwa chokaa kwenye ukuta wa shule kwa ruhusa ya prefe, na kwenye kibao kando ya bomba la maji. Redioni mtangazaji asiseme "hashtagi", aseme tu "Damu tayari, Kiringye".

WhatsApp ndiyo njia ya wengi, lakini elewa kikomo chake. Huko hashtagi haiwakusanyi watu wasiojuana. Inakusaidia tu kutafuta ujumbe ndani ya makundi uliyomo. Kwenye Facebook nako, posti iliyofungwa kwa marafiki haitaonekana kwa anayetafuta. Weka posti za kampeni wazi kwa wote.

Kwa simu ndogo, ujumbe uingie ndani ya herufi 160 ili usikatwe vipande viwili:

```
Damu ingojee mtoto. Alhamisi 12/11 saa 2 asubuhi (8h) shuleni. Miaka 18, kilo 50 na zaidi. Ule, unywe maji kwanza. #DamuTayariKiringye
```

Tazama "saa 2 asubuhi (8h)". Andika namna zote mbili, maana wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wapo wanaohesabu kwa Kifaransa. Alhamisi imechaguliwa kwa sababu wanafunzi wako shuleni, na haigongani na Jumamosi ya Waadventista.

> ONYO LA USALAMA
> Usitangaze barabara ambayo gari la damu litapita wala saa litakayoondoka. Mjulishe chifu na viongozi wa mahali mapema. Picha za wanafunzi zisiwekwe bila ruhusa yao, na kwa walio chini ya miaka 18, bila ruhusa ya mzazi. Hali ya usalama ikibadilika, siku iahirishwe, na tangazo la kuahirisha litumie hashtagi ileile.

Hatua ya 7: Panga siku mbili, si moja

Septemba 2013, baada ya shambulio la Westgate, Wakenya walimiminika kuchangia damu jijini Nairobi, na hashtagi `#WeAreOne` ikaenea kote. Ulikuwa moyo mkubwa. Lakini damu iliyotolewa wiki moja haiwezi kungojea mgonjwa wa miezi mitatu baadaye: siku 35 zikipita, humwagwa. Poshi 30 za leo zikifuatwa na nyingine 30 miezi minne ijayo zinawafaa wagonjwa wengi kuliko 60 za siku moja.

Pia mwili unahitaji muda. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Mwanaume angoje angalau wiki 12, mwanamke wiki 16, kabla ya kutoa tena. Katikati ya Novemba na katikati ya Machi zinaachana kwa wiki 17 hivi, kwa hiyo hata wasichana wanaweza kuchangia mara zote mbili katika mwaka mmoja wa shule. Siku ya Wachangiaji Damu Duniani ni Juni 14, lakini mafinalisti wakati huo wana mtihani wa taifa mbele yao. Siku hiyo itumieni kutangaza na kushukuru tu. Julai na Agosti shule zimefungwa, na hapo wajumbe wawatafute wachangiaji wasio wanafunzi.

Zimbabwe ilianza mwaka 1989 klabu ya vijana wanaomaliza shule, kila mmoja akiahidi kuchangia mara 25. Nguvu yake ilikuwa katika kurudi kwa mtu yuleyule, ambaye damu yake imeshapimwa mara nyingi. Kwa hiyo msibadilishe hashtagi kila mara. Ya Novemba iwe ndiyo ya Machi, ndiyo ya mwaka ujao, bila kutiwa tarakimu za mwaka.

Hatua ya 8: Toa hesabu

Ndani ya wiki moja, tangazeni kwa hashtagi ileile idadi ya waliofika, ya poshi zilizopatikana, na mahali zilipopelekwa. Baada ya siku 35, iombeni maabara idadi nyingine mbili: zilizotiwa kwa wagonjwa na zilizoharibika. Ni idadi tu, bila jina la mgonjwa, bila picha ya mtoto kitandani. Kama kuna zilizoharibika kwa kukatika umeme, semeni hivyo. Uvumi wa kuuza damu hukua pale hesabu inapofichwa.

Orodha ya kukagua kabla ya kutangaza

☐ Hospitali imethibitisha timu, idadi ya poshi na friji
☐ Suala la malipo ya mgonjwa limeelezwa kwa komite ya wazazi
☐ Kaulimbiu haitaji kabila, upande, ushujaa wala kipimo cha bure
☐ Ahadi yake inatimizika hapa, si nchi nyingine
☐ Watu kumi wameijaribu, kwa Kiswahili na Kifuliiru
☐ Hashtagi imetafutwa mitandaoni, haina mwenyewe
☐ Siku, saa (kwa namna mbili), mahali, umri na uzito vimeandikwa chini yake
☐ Walio chini ya miaka 18 wana kazi yao
☐ Kadi au utepe upo kwa kila atakayefika
☐ Tarehe ya pili, wiki 16 au zaidi mbele, imeandikwa tayari

Kisanduku cha kwanza kikiwa tupu, usibandike hata karatasi moja. Nenda kituo cha afya kesho asubuhi ukaulize kuhusu friji.